Mauzo yashuke kiasi gani kabla hujaingia hasara? Mwongozo wa kukokotoa ukingo wa usalama

Kuna maswali matatu yasiyoisha kuulizwa na watu wanaoanza kukokotoa mauzo ya kurudisha gharama. La kwanza: nikishaipata hiyo namba, inanisaidia nini? La pili: ukingo wa usalama unagawanywa kwa mauzo yapi? La tatu ndilo lenye mtego: nimepata ukingo wa asilimia 25, kwa hiyo hata nikipunguza bei kwa asilimia 20 bado niko salama, sivyo?

Jibu la swali la tatu ni hapana, tena hapana ya gharama kubwa. Mwongozo huu unajibu yote matatu kwa kutumia mfano mmoja tutakaokwenda nao mwanzo hadi mwisho. Ukiweza kutoa, kuzidisha na kugawanya, hesabu zote zilizomo utaziweza.

Maana kwanza, kwa kifupi. Mauzo ya kurudisha gharama ni yale yanayolipa gharama zote bila kubakiza faida wala kuleta hasara. Ukingo wa usalama ni kile kinachozidi hapo: tofauti kati ya mauzo yako na mauzo hayo. Ndicho kiasi ambacho mauzo yanaweza kupungua kabla hujaanza kula mtaji.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu hivi, vyote vya kipindi kimoja. Ukichukua gharama za mwezi, chukua na mauzo ya mwezi. Ukichukua za mwaka, vivyo hivyo.

- Bei halisi unayoipokea kwa bidhaa moja, baada ya punguzo na bila kodi ya ongezeko la thamani. Kodi hiyo unaikusanya kwa niaba ya serikali, kwa hiyo usiihesabu kama mauzo yako. Bei iliyobandikwa kwenye bidhaa haitufai hapa ikiwa kila mteja wa pili anapunguziwa.
- Orodha ya gharama zote za kipindi hicho, pamoja na zile zisizokuja na risiti, kama uchakavu wa mashine.
- Idadi ya bidhaa ulizouza. Zilizotengenezwa zikabaki stoo hazimo.
- Mauzo ya kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita. Haya tutayahitaji mwishoni, lakini yatafute mapema kwa sababu ndiyo huwa yanakosekana.
- Marejesho ya mkopo, kama upo, yakiwa yametenganishwa: riba upande wake na deni lenyewe upande wake.

Mfano wetu ni karakana ya kushona mabegi ya aina moja. Sitaitaja sarafu, weka yoyote unayotumia. Begi moja linauzwa 50, na kwa mwezi wa kawaida yanauzwa mabegi 800. Mauzo ya mwezi ni 40,000.

## Hatua ya 1: Tenga gharama makundi mawili

Kwa kila gharama jiulize swali moja: nikiuza begi moja zaidi mwezi huu, je, gharama hii itaongezeka? Ikiongezeka, ni gharama inayobadilika. Isipoongezeka, ni gharama ya kudumu.

Gharama zinazobadilika kwa begi moja katika karakana yetu ni kitambaa 17, zipu na uzi 4, ujira wa kushona 7, umeme wa mashine 1 na mfuko wa kufungia 1. Jumla ni 30.

Gharama za kudumu kwa mwezi ni pango 4,200, mishahara ya ofisi 5,200, bima na intaneti na ulinzi na umeme wa taa 1,000, uchakavu wa mashine 1,200, na riba ya mkopo 400. Jumla ni 12,000.

Angalia hapa, maana ndipo wengi wanapoharibu. Ujira wa kushona tumeuweka kwenye gharama zinazobadilika kwa sababu katika mfano huu mafundi wanalipwa kwa kila begi. Kama wangelipwa mshahara wa mwezi, washone au wasishone, ingekuwa gharama ya kudumu, hata kama kwenye vitabu vyako imeandikwa "gharama za uzalishaji". Tuone tofauti inayoletwa na hilo. Ujira wa mabegi 800 ni 5,600. Ukiuhamishia kwenye gharama za kudumu, hizo zinapanda kutoka 12,000 hadi 17,600, na gharama inayobadilika kwa begi inashuka hadi 23. Faida ya mwezi haitikisiki: ni 4,000 kwa mpangilio wowote. Lakini ukingo wa usalama, kama utakavyoweza kuuhakiki ukifika hatua ya 4, unashuka kutoka asilimia 25 hadi 18.5. Karakana mbili zinaweza kutoa faida sawasawa, huku moja ikiwa karibu zaidi na hasara kuliko nyingine, na sababu ikawa namna zinavyowalipa mafundi tu.

## Hatua ya 2: Tafuta mchango wa bidhaa moja

Toa gharama inayobadilika kwenye bei: 50 kutoa 30 ni 20. Hiyo 20 ndiyo mchango wa begi moja. Kila begi linalouzwa linachangia 20 kulipa gharama za kudumu, na zikishalipwa zote, 20 ya kila begi linalofuata inabaki kuwa faida.

Andika pia mchango kama sehemu ya bei: 20 gawanya kwa 50 ni asilimia 40. Namba hii tutaihitaji baadaye kwa wale wanaouza bidhaa zaidi ya moja.

## Hatua ya 3: Kokotoa mauzo ya kurudisha gharama

Gawanya gharama za kudumu kwa mchango wa begi moja. 12,000 gawanya kwa 20 ni mabegi 600. Kwa fedha, ni 600 mara 50, yaani 30,000.

Jibu likitoka na desimali, kata kwenda juu. Hakuna mteja anayenunua nusu begi, na ukikata kwenda chini utakuwa bado hujazirudisha gharama zote.

## Hatua ya 4: Kokotoa ukingo wa usalama

Mabegi unayouza ni 800, ya kurudisha gharama ni 600. Ukingo ni mabegi 200, au 10,000 kwa fedha.

Kwa asilimia, gawanya 200 kwa mauzo yako ya sasa, yaani 800. Unapata asilimia 25.

Hapa ndipo linapojibiwa lile swali la pili. Kuna wanaogawanya kwa 600 na kupata asilimia 33, kisha wanajiona wana nafasi kubwa kuliko waliyo nayo. Kushuka kunaanzia pale ulipo sasa, na upo kwenye 800. Ukipunguza asilimia 33 ya 800 unabaki na mabegi kama 536, ambayo tayari ni hasara ya karibu 1,300. Ukipunguza asilimia 25 unatua juu ya 600 barabara.

Hakiki jibu lako kwa njia hii: zidisha mabegi ya ukingo kwa mchango. 200 mara 20 ni 4,000. Lazima ilingane na faida yako ya mwezi. Isipolingana, kuna gharama uliyoisahau au uliyoihesabu mara mbili, na hakuna haja ya kuendelea hadi uipate.

Ukitaka kuiweka kwenye jedwali la kompyuta, andika hivi kwenye safu ya B:

```
B1: 50
B2: 30
B3: 12000
B4: 800
B5: =B3/(B1-B2)
B6: =B4-B5
B7: =B6/B4
```

B1 ni bei, B2 gharama inayobadilika, B3 gharama za kudumu na B4 mabegi yaliyouzwa. B5 itakupa 600, B6 itakupa 200, na B7 itakupa 0.25, ambayo ni asilimia 25. Hatua zinazofuata utazifanya kwa kubadilisha namba moja moja humo.

## Hatua ya 5: Shusha mauzo kidogo kidogo uone faida inavyopotea

Wengi huishia hatua ya 4. Wanasoma asilimia 25 na kudhani kwamba mauzo yakishuka kwa asilimia 10 watapoteza asilimia 10 ya faida. Badilisha B4 uone mwenyewe:

| Mauzo yameshuka kwa | Mabegi | Faida au hasara |
|---|---|---|
| 0% | 800 | 4,000 |
| 10% | 720 | 2,400 |
| 20% | 640 | 800 |
| 25% | 600 | 0 |
| 30% | 560 | hasara 800 |

Mauzo yameshuka kwa asilimia 10, faida imeshuka kwa asilimia 40. Sababu ni kwamba pango na mishahara havikushuka pamoja na mauzo, kwa hiyo kila begi lisilouzwa limeondoka na 20 nzima kutoka kwenye faida.

Kuna njia ya mkato ya kujua faida itashuka mara ngapi: gawanya 1 kwa ukingo wako. 1 gawanya kwa 0.25 ni 4. Kwa hiyo kila asilimia moja ya mauzo inayopotea inaondoa asilimia nne za faida. Mwenye ukingo wa asilimia 10 anapoteza faida mara kumi ya kasi ya mauzo. Mwenye ukingo wa asilimia 50, mara mbili tu. Binafsi naiona hii mara nne ina manufaa kuliko asilimia 25 yenyewe, kwa sababu inakuonyesha maumivu yanayoanza mapema, wakati bado hujafika kwenye hasara. Kama unaishi kwa faida ya biashara hiyo, kushuka kwa asilimia 20 kunakuachia 800 badala ya 4,000. Kwa vitabu hujapata hasara. Kwa nyumbani kwako ni habari nyingine.

Njia hiyo ya mkato inaanzia pale ulipo sasa. Mauzo yakishabadilika, ukingo nao umebadilika, kwa hiyo kokotoa upya kabla ya kuitumia tena.

## Hatua ya 6: Pima bei peke yake

Sasa turudi kwenye swali la tatu, lile lenye mtego. Ukingo wa asilimia 25 unahusu idadi ya mabegi kupungua huku bei ikibaki 50. Haukuahidi chochote kuhusu bei.

Tuseme mauzo yanadorora na unaamua kupunguza bei kwa asilimia 10 ili wateja wasikimbie. Bei mpya ni 45. Kitambaa hakijashuka bei, fundi hajapunguza ujira, kwa hiyo gharama inayobadilika bado ni 30. Mchango umeshuka kutoka 20 hadi 15. Gawanya 12,000 kwa 15: mauzo ya kurudisha gharama sasa ni mabegi 800.

Yaani umeuza mabegi yaleyale 800, hakuna mteja uliyempoteza, na faida ni sifuri. Mapato yameshuka kutoka 40,000 hadi 36,000, ambayo ni asilimia 10 tu, lakini ukingo wote wa asilimia 25 umekwisha.

Kipimo cha bei ni kingine: gawanya faida kwa mauzo ya fedha. 4,000 gawanya kwa 40,000 ni asilimia 10. Hiyo ndiyo nafasi ya bei kushuka ikiwa idadi haibadiliki. Ziandike namba hizi mbili pamoja kila mara, idadi asilimia 25 na bei asilimia 10, usije ukaisoma moja kwa kazi ya nyingine.

Kabla ya kupunguza bei, kokotoa pia ni mabegi mangapi yatahitajika ili faida ibaki ileile. Jumlisha gharama za kudumu na faida unayoitaka: 12,000 na 4,000 ni 16,000. Gawanya kwa mchango mpya wa 15. Unapata mabegi 1,067. Punguzo la asilimia 10 linadai ongezeko la mauzo la theluthi moja ili tu ubaki pale ulipokuwa. Huenda wateja wapya wakaja wa kutosha, huenda wasije, lakini sasa unajua unachokiombea.

Kupanda kwa gharama kunafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kitambaa kikipanda kutoka 17 hadi 20 na usipandishe bei, mchango unakuwa 17 na mauzo ya kurudisha gharama yanakuwa mabegi 706. Ukingo unashuka hadi mabegi 94, chini kidogo ya asilimia 12. Mauzo hayajashuka hata kwa begi moja, lakini nusu ya usalama wako imeondoka. Ndiyo maana ukingo uliokokotolewa mwaka jana haukufai leo. Uukokotoe upya kila bei ya malighafi inapobadilika.

## Hatua ya 7: Rudia hesabu kwa fedha taslimu

Biashara inaweza kuwa na faida kwenye vitabu na bado ikashindwa kulipa mkopo. Hesabu yetu hadi sasa ina uchakavu wa 1,200, ambao hautoi fedha mfukoni mwezi huu, na haina marejesho ya deni, ambayo yanatoa.

Tuseme marejesho ya deni lenyewe, bila riba, ni 2,400 kwa mwezi. Chukua gharama za kudumu 12,000, toa uchakavu 1,200, ongeza marejesho 2,400. Unapata 13,200. Gawanya kwa mchango wa 20: unahitaji kuuza mabegi 660 ili fedha itoshe. Ukingo wa fedha taslimu ni mabegi 140, sawa na asilimia 17.5.

Kati ya mabegi 600 na 660 kuna eneo baya ambalo vitabu vinasema huna hasara, wakati akaunti inapungua kila mwezi. Mwenye mkopo anapaswa kuupa uzito ukingo huu wa pili kuliko ule wa kwanza. Kumbuka pia kwamba hesabu hii inachukulia kuwa wateja wanalipa papo hapo. Ukiuza kwa mkopo, begi ambalo halijalipwa halikusaidii mwisho wa mwezi.

## Hatua ya 8: Linganisha na mauzo yako ya nyuma

"Ukingo wa asilimia ngapi unatosha?" Hakuna namba moja inayofaa biashara zote, na ukipewa namba ya jumla usiiamini sana. Asilimia 15 inatosha kwa mwenye mikataba ya mwaka mzima ambaye mauzo yake hayatikisiki. Kwa muuzaji ambaye msimu ukiisha mauzo yanashuka kwa nusu, hata asilimia 40 ni ndogo.

Chukua mauzo ya miezi 12. Tuseme wastani wa karakana yetu ni mabegi 800, lakini kuna mwezi uliouza 560 na mwingine 590. Kutoka 800 hadi 560 ni kushuka kwa asilimia 30, zaidi ya ukingo wa asilimia 25. Kwa hiyo hatuulizi tena kama mauzo yanaweza kushuka kuliko ukingo, yameshashuka. Hasara ya miezi hiyo miwili ni 800 na 200, jumla 1,000, na miezi mizuri iliifidia. Kinachotakiwa ni akiba ya fedha ya kuvuka miezi kama hiyo ikifuatana, na kwa mwenye mkopo akiba hiyo ipimwe kwa mabegi 660. Mwezi wa 560 unapungukiwa mabegi 100, yaani 2,000 taslimu. Ule wa 590 unapungukiwa 70, yaani 1,400. Ikifuatana, unahitaji 3,400 mkononi.

Ona jinsi wastani ulivyokuwa umeficha jambo hili. Ukingo wa mwaka ukionekana mzuri, bado fungua mwezi mmoja mmoja.

## Hesabu ikikusumbua

Nauza bidhaa zaidi ya moja. Usikokotoe kwa idadi, kokotoa kwa fedha. Jumlisha michango ya bidhaa zote, gawanya kwa jumla ya mauzo, upate asilimia ya mchango. Kisha gawanya gharama za kudumu kwa asilimia hiyo. Tuseme karakana imeanza kushona pochi zinazouzwa 25, na kila moja inagharimu 20, kwa hiyo mchango ni 5. Mwezi fulani inauza mabegi 500 na pochi 600. Mauzo ni 25,000 na 15,000, jumla 40,000 ileile ya zamani. Michango ni 10,000 na 3,000, jumla 13,000, ambayo ni asilimia 32.5 ya mauzo. 12,000 gawanya kwa 0.325 ni kama 36,923. Ukingo ni 3,077, chini ya asilimia 8. Mwenye kutazama jumla ya mauzo tu ataona mwezi wa kawaida, kumbe pochi zimechukua nafasi ya mabegi na usalama umeporomoka kutoka asilimia 25. Mgawanyo wa mauzo ukibadilika, rudia hesabu.

Gharama moja ina sehemu ya kudumu na sehemu inayobadilika. Umeme ndio mfano wa kawaida. Chukua mwezi wenye uzalishaji mkubwa kuliko yote na wenye mdogo kuliko yote. Tuseme mabegi 900 yalikuja na bili ya 1,020, na mabegi 500 na bili ya 620. Tofauti ya bili ni 400, ya mabegi ni 400, kwa hiyo umeme wa begi moja ni 1. Toa 500 kwenye bili ya 620, inabaki 120, ambayo ndiyo sehemu ya kudumu. Ni makadirio, na yanaharibika ikiwa mmoja wa miezi hiyo ulikuwa na jambo lisilo la kawaida, kama mashine kuharibika au bei ya umeme kupanda. Ukiona hivyo, chagua mwezi mwingine.

Nauza kwa wingi kuliko zamani lakini ukingo hauongezeki. Tazama gharama za kudumu. Zinadumu ndani ya kiwango fulani tu cha kazi. Ukikivuka, zinaruka kwa mkupuo. Ukimwajiri msimamizi wa 2,000 kwa mwezi, gharama za kudumu zinakuwa 14,000 na mauzo ya kurudisha gharama yanapanda hadi mabegi 700. Ili urudi kwenye ukingo wa asilimia 25 utahitaji kuuza kama mabegi 934.

Mauzo yakishuka nitapunguza gharama za kudumu, kwa nini nisihesabu hivyo tangu mwanzo? Hesabu, lakini kando. Tuseme unaweza kukata 1,000. Gharama za kudumu zinakuwa 11,000, mauzo ya kurudisha gharama mabegi 550, na ukingo unapanda hadi asilimia 31 na kitu. Kisha andika mbele ya kila gharama unayotaka kuikata itachukua muda gani kukatika. Mkataba wa pango wenye notisi ya miezi mitatu unaendelea kulipwa miezi mitatu yote, na katika muda huo ukingo wako ni ule wa zamani.

Ukingo umetoka hasi. Hesabu haijakosewa. Ukiuza mabegi 500, ukingo ni 500 kutoa 600, gawanya kwa 500: hasi asilimia 20. Isome hivi: mauzo yanapaswa kuongezeka kwa asilimia 20 kutoka yalipo ndipo gharama zirudi. Lakini kama mchango wenyewe ni hasi, yaani bei iko chini ya gharama inayobadilika, acha hesabu hii kabisa. Hakuna idadi ya mauzo itakayorudisha gharama, na kila begi unaloliuza linaongeza hasara. Anza kwa kurekebisha bei au kitambaa.